Sumbawanga na Karatasi Isemayo "Punguza Wanga"

Naanza kwa kukiri. Karatasi ninayoishambulia leo ina mkono wangu ndani yake. Miaka michache iliyopita niliketi katika kamati ya watu sita iliyopewa siku mbili kutafsiri mwongozo wa mgonjwa wa kisukari kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Wawili kati yetu tulikuwa watu wa lugha, wanne walikuwa watu wa tiba, na hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Tulikula vizuri, tulibishana kuhusu viambishi, tulisaini fomu ya posho, na tukaondoka tukiamini tumelitumikia taifa. Taasisi iliyotuita sitaitaja, kwa kuwa kosa ninaloliandika hapa ni letu sote tunaofanya kazi hii, na lingetokea katika ukumbi wowote mwingine.

Karatasi ile ilisafiri hadi Ufipa. Nilikutana nayo tena ukutani mwa jiko la baba mkubwa, upande wa Laela, ikiwa imebanikwa kwa moshi na kushikiliwa na misumari minne. Mama mkubwa aliitundika kwa heshima ile ambayo watu wa kizazi chake waliosoma hadi darasa la saba wanalipa neno lililopigwa chapa. Alikuwa ameisoma yote, na aliitii yote. Utii wake nusura umuue mumewe.

Mstari wa kwanza wa karatasi, sehemu ya chakula, ulisema: "Punguza ulaji wa wanga."

Wasomaji wa Rukwa wameshaanza kucheka, na wana haki. Jina la mji wao, kama wazee wanavyolisimulia, ni amri ya Kifipa inayomtaka mgeni atupe uchawi wake kabla hajaingia. Na katika Kiswahili cha mtaani, kuanzia Tunduma hadi Tanga, wanga ni wale watu wa usiku wanaozunguka nyumba za wenzao wakiwa uchi. Sisi tulilichukua neno hilo, ambalo vitabu vya sayansi vya shule za msingi vimelipa kazi ya kutaja kundi la chakula, tukalipeleka katika mji uitwao Sumbawanga, kwa mzee wa miaka 67 ambaye hajafungua kitabu cha sayansi tangu ujana wake, tukamwambia apunguze ulaji wake. Baba mkubwa aliniambia kwa uso mkavu kabisa: "Mwanangu, mimi wanga sijawahi kuwala. Labda wao ndio wananila."

Ungekuwa utani tu kama usingekuwa na tokeo. Kwa kuwa neno lile halikumpa kitu cha kushika, alishika neno lililofuata, ambalo alilielewa vizuri sana: "Mgonjwa aepuke sukari." Sukari anaijua. Ni ile nyeupe, inanunuliwa dukani kwa kilo au kwa robo, inakaa kwenye kopo lenye kifuniko. Akaiacha. Chai yake ikawa chungu, na akajihesabu kuwa amemaliza kazi. Ugali aliendelea kuula kama zamani, mlima wa ugali wa Ufipa ambao mtu wa Dar es Salaam angeugawa kwa watu watatu, na juu yake vikombe viwili vya uji wa ulezi asubuhi, maana alisikia ulezi ni dawa ya kisukari. Ugali si mtamu, kwa hiyo katika akili ya mtu yeyote mwenye busara, ugali si sukari.

Hapa ndipo tafsiri yetu ilipotakiwa kufanya kazi na haikufanya. Jambo ambalo mgonjwa anahitaji kulijua halimo katika jina la kundi la chakula. Limo katika tendo linalotokea tumboni: ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi, mkate, chapati na uji, vyote hivyo vikishaliwa huvunjwavunjwa na kuingia katika damu vikiwa sukari, hata kama mdomoni havikuwa na utamu. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko neno "wanga", na katika kamati yetu ingekatwa kwa sababu karatasi ilikuwa na kurasa mbili tu. Lakini mwambie mzee sentensi hiyo na usimwambie kingine chochote, ataanza mwenyewe kukuuliza maswali sahihi. Baba mkubwa aliposikia, aliuliza kama dona nayo inageuka sukari. Ndiyo, inageuka, polepole kidogo kuliko sembe kwa sababu ya pumba zake, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Akauliza kuhusu ulezi. Nao vilevile, nafaka nzuri, lakini uji uliosagwa laini na kunywewa vikombe viwili haukosi kupandisha sukari kwa sababu tu ulitoka kwenye ulezi. Dakika tano za mazungumzo zilifanya kazi ambayo karatasi haikuifanya kwa mwaka mzima.

Na kuna hilo la sahani. Karatasi yetu ilikuwa na mchoro wa duara uliogawanywa: nusu mboga, robo nafaka, robo nyama au maharage. Mchoro mzuri. Katika nyumba ya baba mkubwa ugali hukaa katikati, kila mtu anamega kutoka upande wake, na mboga iko kwenye bakuli moja. Nusu ya duara la nani? Mama mkubwa alipata jawabu lake bila kamati: sasa hukata ugali wa mumewe kwanza, kiasi cha ngumi yake mwenyewe, anauweka pembeni na mboga nyingi na maharage, kisha wengine wanaanza. Mzee ananung'unika kwamba amefanywa mgeni nyumbani kwake. Hilo nalo lingefaa kuandikwa, kwa sababu kutengwa katika sinia ni jambo zito kwetu, na mwongozo usiolijua utavunjwa siku ya kwanza wageni wakifika.

Lakini chakula hakikuwa ndicho kilichotaka kumuua. Kilichotaka kumuua ni mistari miwili mingine, ambayo kila mmoja peke yake haukuwa na kosa la sarufi wala la tiba.

Mstari mmoja ulisema: "Dawa imezwe asubuhi kabla ya chakula." Mwingine, chini kabisa chini ya kichwa "Dalili za hatari", ulisema: "kushuka kwa sukari katika damu."

Baba mkubwa alikuwa akitumia glibenklamaidi, kidonge kimoja cha miligramu 5. Kidonge hiki hulisukuma kongosho litoe insulini, na hulisukuma bila kujali kama chakula kimefika au hakijafika. Nguvu yake hudumu karibu kutwa nzima, na kwa mzee, hasa figo zikianza kuchoka, huweza kudumu zaidi. Ndiyo maana hutakiwa kumezwa pamoja na mlo wa kwanza wa siku, au muda mfupi tu kabla yake. Kiingereza cha mwongozo wa asili kilisema kimezwe kabla ya kifungua kinywa, na mwandishi wake, nadhani, alimwona mtu akisimama kando ya meza yenye mkate, maziwa na yai. Kwa mtu huyo "kabla" ni dakika kumi. Kwa mkulima wa Ufipa "kabla" haina mwisho.

Fikiria sasa asubuhi ya Juni katika uwanda ule, wakati wa kuvuna mahindi. Kuna baridi inayoingia mifupani. Baba mkubwa aliamka saa kumi na moja alfajiri, akameza kidonge chake kwa maji kama karatasi ilivyoagiza, yaani asubuhi, na kabla ya chakula. Akatembea saa nzima kwenda shambani. Chakula cha wavunaji huliwa saa tano, wakati mwingine saa sita. Siku nyingine alikuwa akipitia chai nyumbani kwanza. Siku ile vibarua walikuwa wameshatangulia, naye hakutaka waanze bila mwenyewe kuwapo.

Saa nne alianza kutetemeka. Alilowa jasho mgongoni, katika baridi ile, wakati wenzake walikuwa bado na masweta. Jasho katika baridi lingetosha kumwambia yeyote aliyefundishwa. Akaanza kugomba, yeye ambaye ni mpole. Akamwita mwanawe kwa jina la marehemu kaka yake. Akakaa chini kati ya mabua na kukataa kuinuka. Kibarua mmoja akasema mzee amekunywa. Mwingine akasema hapana, hao ni wanga. Tazama, msomaji, neno letu lilivyorudi shambani kwa mlango wake wa asili.

Mama mkubwa alikuwa na chupa ya chai ya vibarua, chai yenye sukari nyingi kama wanavyoipenda. Kijana mmoja akataka kumnywesha mzee. Mama mkubwa akamshika mkono. "Haruhusiwi sukari," akasema. "Imeandikwa."

Aliyeokoa siku ile ni binti aliyekuja kuvuna kwa kutwa. Mdogo wake ana kisukari tangu utotoni, na nyumbani kwao wamezoea. Hakubishana kuhusu karatasi. Alimwuliza mzee jina lake, akaona bado anaweza kujibu na kumeza, akamnywesha kikombe kimoja kidogo kidogo, kisha cha pili. Baada ya kama robo saa mzee aliangaza macho akauliza kwa nini wamemzunguka kama msiba.

Wengi wangeishia hapo na kurudi kazini. Binti yule akasema apelekwe zahanati, na alikuwa sahihi kwa sababu ambayo karatasi yetu haikuigusa. Chai huinua sukari haraka na huisha haraka. Kidonge kilichomezwa alfajiri bado kinafanya kazi jioni. Walipofika kwa bodaboda kipimo kilionyesha 5.2, kila mtu akashukuru Mungu. Saa nane mchana, mzee akiwa amekaa kwenye benchi, kilionyesha 3.1. Kwa mashine zetu, ambazo husoma kwa milimoli katika lita, mgonjwa anayetumia dawa za kisukari akishuka chini ya 4 anahesabiwa yuko hatarini. Alilala hospitali usiku ule na dripu ya glukosi mkononi, na alfajiri akaamka akidai ugali.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa dalili za hatari, maana ndio unaoniuma zaidi. "Kushuka kwa sukari." Nenda kliniki yoyote ya kisukari siku ya kupima, usikilize wagonjwa wanavyosalimiana. Aliyeambiwa sukari imepanda huinamisha kichwa. Aliyeambiwa imeshuka hutoka akitabasamu. Kwa miaka mtu huyu anaambiwa ashushe, ashushe, ashushe. Kisha sisi tunamwandikia kwamba kushuka ni dalili ya hatari, bila neno moja zaidi. Mama mkubwa aliusoma mstari ule. Nilipomwuliza aliuelewaje, aliniambia alidhani ni kosa la mpiga chapa.

Chanzo cha tatizo ni kwamba neno "sukari" katika Kiswahili chetu cha leo linabeba mizigo mitatu. Ni ugonjwa: "mzee ana sukari." Ni kitu kilicho kwenye kopo: "acha sukari." Ni kinachopimwa kidoleni: "sukari imeshuka." Mganga huruka kutoka maana moja hadi nyingine bila kujua amevuka, kwa sababu kichwani mwake kila moja ina jina lake la Kiingereza. Mgonjwa hana majina hayo. Anasikia sukari adui, sukari adui, sukari adui, na siku mwili wake unapoililia, aliye karibu naye anamshika mkono.

Kamati yetu ilijua hatari ya maneno yenye maana nyingi. Ndiyo kazi tuliyosomea. Dawa tuliyotumia ilikuwa ile ya vitabuni, tafsiri rejeshi. Unampa mtafsiri mwingine ambaye hajaona matini ya asili, anairudisha Kiswahili kuwa Kiingereza, kisha unalinganisha. Karatasi yetu ilifaulu kwa kishindo. "Punguza wanga" ilirudi ikiwa safi kabisa. "Kabla ya chakula" ilirudi. "Kushuka kwa sukari" ilirudi bila mkwaruzo. Na ilikuwa lazima irudi, kwa sababu aliyeirudisha alikuwa msomi kama sisi, mwenye Kiingereza kile kile kichwani. Tafsiri rejeshi hupima kama Kiswahili kinafanana na Kiingereza. Haipimi kama mama mkubwa atamruhusu kijana amnyweshe mumewe chai. Tulikuwa tumejenga daraja, tukalikagua kwa kurudi upande tuliotoka.

Siku ile ya ukaguzi, nakumbuka kwa aibu, tulijipongeza kwa kukamata kosa moja. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeandika insulini ichomwe "saa 7:00 asubuhi", mtu amehamisha tarakimu za Kizungu bila kuzigeuza. Tukaandika saa 1:00 asubuhi, tukacheka, mwenyekiti akasema ndiyo sababu watu wa lugha wanahitajika. Kosa lile angeligundua mtoto wa darasa la tatu. Tulisahihisha saa na kuacha kuuliza huyu mtu hula saa ngapi.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa nimeshayapokea. Mwenzangu mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba nikitaka kila istilahi igeuzwe kuwa maelezo, nitaiua kazi ya nusu karne ya kuikuza lugha, kwamba BAKITA na wenzetu wa TATAKI hawakukesha ili mimi niandike "vyakula vinavyogeuka sukari" badala ya wanga. Hoja hii ina uzito, na siidharau. Muuguzi wa Sumbawanga na daktari wa Mtwara lazima wawe na neno moja wanapoandikiana, na neno hilo liwe la Kiswahili. Ningefurahi zaidi kama miongozo ya tiba ya nchi hii, ambayo wataalamu wetu wanaiandika na kuisoma kwa Kiingereza, ingekuwa ndiyo mahali pa kuzitumia istilahi hizo. Lakini tazama tulivyogawa kazi: wataalamu wamejibakizia Kiingereza, na istilahi zilizotungwa kwa ajili yao tumezitupia wagonjwa. Neno "haipoglaisemia" lina makao halali katika faili la daktari wa Kitanzania. Halimo humo, lakini nimelikuta kwenye bango la kliniki, juu ya vichwa vya akina mama wenye vikapu.

Wala si kweli kwamba hatujawahi kujua kufanya vizuri. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitoa vitabu, Redio Tanzania ikatangaza vipindi, na watu wazima wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi kusikiliza, kujadili, kisha kuinuka kwenda kufanya kitu: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kuchemsha maji. Sitaki kuisifu enzi ile kwa kila kitu, na nina ndugu waliohamishwa kwa nguvu wakati wa vijiji ambao hawataki niisifu kwa lolote. Lakini kipimo chake kilikuwa sahihi. Mkaguzi aliyefika kijijini aliuliza choo kiko wapi.

Kuna pingamizi moja tu ambalo lilinifanya nifikiri upya, nalo lilitoka kwa daktari. Nilipomwonyesha sentensi niliyotaka iandikwe kwa herufi kubwa, "Kama huli, usimeze", alikubali, kisha akaniuliza: na yule mdogo wa binti aliyemwokoa baba yako mkubwa, naye akisoma? Mtoto yule kongosho lake halitoi insulini kabisa. Akiumwa malaria, akatapika, akashindwa kula, wazazi wake wakisoma sentensi yangu wataacha kumchoma sindano zote, na kwa mtoto wa namna hiyo kuacha insulini kabisa ni njia ya mkato ya kifo: kiu isiyokatika, kukojoa mno, kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi ndefu za haraka, usingizi mzito. Sentensi inayomwokoa mzee inamwua mtoto. Kiswahili chepesi, akasema, kinaweza kuwa chepesi mno.

Alikuwa na haki, nami nilirudi nyumbani nikiwa nimenyamaza. Lakini kosa hilo nalo lilikuwa limeshafanywa na kamati yetu, kwa upande wa pili. Tuliandika "dawa" kana kwamba ni kitu kimoja, tukatoa karatasi moja kwa wote. Jawabu lake si kurudi kwenye istilahi. Ni karatasi tofauti kwa dawa tofauti, kila moja ikiwa na picha ya dawa yenyewe, ili mtu wa kidonge kile apewe ya kidonge kile na mtu wa sindano ya sindano. Metformini nayo iwe na yake, maana hiyo humezwa katikati ya mlo au baada yake ili tumbo lisichafuke, na ikiwa peke yake si rahisi kumwangusha mtu kama glibenklamaidi. Gharama ya karatasi ya ziada ni ndogo kuliko posho ya siku moja ya kamati yetu. Nasema hivyo nikiwa nimeipokea.

Na bahasha za dawa zifuate. Kwa sasa zinaandikwa "1x2" kwa kalamu ya haraka. Kimoja mara mbili, au viwili mara moja? Nimewauliza watu kumi katika stendi ya Sumbawanga, nao hawakukubaliana. Kuandika "kimoja asubuhi na chakula, kimoja jioni na chakula" huchukua muda wa kuvuta pumzi mara tatu.

Kwa hiyo nilikaa jikoni kwa baba mkubwa na kuandika upya, nikiwa na mama mkubwa na yule binti, naye daktari akisahihisha kwa simu. Kila sentensi niliyoandika niliifunika kwa mkono, nikamwomba mama mkubwa anionyeshe atafanya nini, si aniambie imesema nini. Niliandika "kijiko cha sukari", akaleta kijiko cha kupakulia. Nikabadilisha. Niliandika "mpe kitu kitamu", akaleta muwa; mzuri, lakini mtu anayetetemeka hawezi kuutafuna. Nikabadilisha. Niliandika "sukari ikishuka sana", akasema bado inasikika kama habari njema, na binti ndiye aliyependekeza neno linalotumika kwao, kwa mfano wa kuishiwa damu. Baada ya saa tatu tulikuwa na maneno haya, kwa mtu wa kidonge hicho tu:

"Kidonge hiki meza chakula kikiwa tayari mbele yako. Kama chakula hakipo, usimeze. Ngoja hadi kipatikane. Ukienda shambani, kula kwanza. Ukitetemeka, ukitoka jasho wakati wa baridi, ukishikwa na njaa ya ghafla, au watu wakiona unasema ovyo, mwili umeishiwa sukari. Hapo sukari ndiyo dawa, hata kama siku nyingine umekatazwa. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, unywe, ungoje robo saa. Kama bado, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula, kisha nenda zahanati siku hiyohiyo, kwa sababu kidonge bado kimo mwilini. Mtu asiyeweza kumeza au asiyeitika asinyweshwe chochote: mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali."

Niliipeleka kwa waliotuita miaka ile. Nilipokewa kwa adabu. Baada ya miezi miwili nilipata barua kwamba matini imepokelewa, kwamba "mwili umeishiwa sukari" si istilahi iliyosanifiwa, na kwamba itajadiliwa katika kikao kijacho cha mapitio, fedha zikipatikana. Nimeambatisha kwa barua ya pili orodha ya maswali ambayo mama mkubwa aliniuliza, kumi na manne, na kuomba kwamba kikao hicho kikifanyika, nauli ya mjumbe mmoja itengwe kutoka Laela.

Kwa sasa karatasi ya zamani bado iko ukutani, kwa sababu mama mkubwa hatupi kitu kilichopigwa chapa. Amebandika yetu juu yake, iliyoandikwa kwa mkono. Na anapokwenda shambani, katika ncha ya kitenge chake amefunga sukari, vijiko vitatu, kwenye kipande cha nailoni.